Barua Fupi Baada ya Kukosa Kazi

Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la ajira la kampuni moja jijini Dar es Salaam. Kila usaili ulipokwisha, mimi ndiye niliyewaandikia waliokosa kwamba tunasikitika kuwajulisha. Wengi walinyamaza. Waliojibu, kwa kawaida walikuwa wa aina mbili. Wapo waliouliza, "Kwa nini sikuchaguliwa wakati sifa zote ninazo?" Na wapo walioandika, "Bosi, naomba unifikirie, nina watoto wawili." Wote hao sikuwajibu, na si kwa roho mbaya. Wa kwanza aliuliza jambo ambalo sikuwa na ruhusa ya kulieleza, na wa pili aliomba kitu ambacho hakikuwa tena mikononi mwangu. Mara chache ilikuja barua ambayo niliijibu siku hiyohiyo, hata kama ilikuwa na makosa ya tahajia, kwa sababu iliuliza kitu ambacho jibu lake lilikuwa tayari ndani ya jalada mbele yangu.

Kwa hiyo kabla hujaandika, fikiria jalada hilo lina nini. Kwenye usaili ulioandaliwa vizuri, kila mjumbe wa jopo huwa na karatasi ya alama. Ina vipengele vitano au sita: ujuzi wa kazi yenyewe, jaribio la vitendo kama lilikuwapo, namna ya kujieleza, uzoefu, na kadhalika. Kila kipengele hupewa alama, tuseme 1 hadi 5, na pembeni kuna nafasi ndogo ya kuandika neno. Mwisho alama hujumlishwa, wajumbe hujadiliana, mmoja huchukuliwa na pengine wa pili huwekwa akiba. Afisa anayekujibu ana karatasi hizo. Anaweza kukuambia ulipungukiwa wapi. Hawezi kukuambia nani amechukuliwa, ana sifa gani, au mkurugenzi alisema nini mlango ulipofungwa.

Hapo utaona pia lini usiombe. Kama ulikatwa kwenye mchujo wa wasifu, hukuitwa hata kwenye usaili, karatasi ya alama yako haipo. Mtu aliupitia wasifu wako kwa dakika moja au mbili, akauweka upande huu au ule. Ukimuuliza leo, atalazimika kubuni jibu. Ukitaka kujua kasoro ya wasifu wako, mpe mtu anayefanya kazi kama hiyo ausome. Mrejesho wa mwajiri uombe ukiwa umefika mbele ya jopo, au angalau umefanya jaribio. Wakala wa ajira ni tofauti kidogo: yeye hulipwa kwa kupata watu wanaofaa, anaweza kukuhitaji tena mwezi ujao, kwa hiyo ana sababu yake mwenyewe ya kukueleza hata kuhusu wasifu. Ila wakala mara nyingi hakukaa kwenye jopo. Anachokuambia amekisikia kwa mwajiri, kimefupishwa.

Sasa nikupe kisa kimoja tukifuate hadi mwisho. Mtoto wa dada yangu aliomba nafasi ya mhasibu msaidizi kwenye kampuni inayoagiza vipuri vya magari. Alifanya jaribio la kompyuta la dakika 45, kisha akakaa mbele ya watu watatu. Siku ya tisa barua pepe ikaja: nafasi amepewa mwingine. Saa nne usiku alinitumia rasimu ya jibu lake. "Mjomba, nimtumie?"

Rasimu ilisema hivi:

"Habari. Nimepokea barua yenu na kwa kweli nimeshangaa sana. Nina shahada, nina uzoefu wa miaka miwili kama tangazo lilivyotaka, na maswali yote niliyajibu vizuri. Ningependa kujua kwa nini sikuchaguliwa na ni vigezo gani vilitumika. Pia naomba kujua aliyechaguliwa amenizidi nini. Natarajia jibu lenu mapema."

Hakuna tusi humo. Tatizo liko ndani ya kila sentensi, na yeye aliyeandika hawezi kuliona kwa sababu bado ana uchungu. "Nimeshangaa" inamwambia msomaji kwamba uamuzi wao ni wa ajabu. "Niliyajibu vizuri" ni kujipa alama mwenyewe mbele ya mtu aliyeshika karatasi ya alama. "Ni vigezo gani vilitumika" ni swali la mkaguzi wa hesabu, na mtu akikaguliwa hufunga mdomo mpaka aongee na bosi wake. Swali kuhusu aliyechaguliwa haliwezi kujibiwa kabisa, na likiwamo humtia afisa wasiwasi hata na yale ambayo angeweza kujibu. Na "natarajia jibu lenu mapema" ni maneno ya mtu anayedai deni.

Neno lenyewe "kwa nini" lina mzigo. Ukiuliza kwa nini sikuchaguliwa, unaitaka kampuni itetee uamuzi wake. Ukiuliza alama zangu zilipungua wapi, unauliza kuhusu kazi uliyoifanya wewe. Mambo yanayoulizwa yanakaribiana, lakini la kwanza linamfanya afisa afikirie wanasheria na la pili linamfanya afungue jalada. Hofu hiyo ya wanasheria si ya kufikirika tu. Ndugu zetu walioko Ujerumani hulalamika kwamba waajiri wa huko hujibu kwa mistari miwili mikavu. Tangu 2006 kuna sheria ya kutendewa kwa usawa inayompa mwombaji aliyebaguliwa nafasi ya kudai fidia, na kwa kawaida ana miezi miwili ya kuwasilisha madai yake. Mwajiri anaona kila neno analoongeza linaweza kurudi kama ushahidi. Huku kwetu kesi za namna hiyo ni chache, lakini maafisa wa kampuni kubwa wamefundishwa tahadhari ileile.

Nilimwambia asitume, alale. Asubuhi akaleta rasimu ya pili, na hii ilikuwa imeangukia upande wa pili wa barabara:

"Shikamoo mama. Samahani sana kwa usumbufu, najua una kazi nyingi. Najua mimi bado mdogo na pengine sikustahili nafasi hiyo. Naomba tu unisaidie hata kwa ushauri wowote ule, nitashukuru sana."

Huu ndio mtego ambao sisi Waswahili tunauingia kwa urahisi, maana tumelelewa tuombe kwa unyenyekevu. Lakini barua hii inampa afisa kazi mbili. Kwanza inabidi amtulize mtu aliyesema hakustahili. Pili inabidi atafute ushauri "wowote ule", na ombi lisilo na mpaka ndilo gumu kuliko yote kulijibu. Atasema ajitahidi, asikate tamaa, milango bado iko wazi. Atakuwa amejibu, na mwombaji hatakuwa amepata kitu.

Kuhusu hiyo shikamoo: kwenye simu, ukisikia anayeongea ni mtu mzima, mwamkie, hakuna kitakachoharibika. Kwenye barua pepe ya kikazi tumia jina alilotia sahihi, ukitanguliza Bi. au Bw. "Mama", "bosi" na "mheshimiwa" viache. Vinakuweka kwenye nafasi ya mtu anayeomba fadhila, na wewe unaomba taarifa.

Rasimu ya tatu tuliiandika pamoja, ikachukua robo saa:

"Bi. (jina la ukoo),

Asante kwa kunijulisha matokeo ya usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi, na kwa muda ambao wewe na jopo mlinipa Jumanne ya wiki iliyopita. Nimeuelewa uamuzi wenu.

Naendelea kuomba nafasi za aina hii, na nina swali moja kama utaratibu wenu unaruhusu. Kati ya jaribio la kompyuta na mahojiano, ni wapi nilipungukiwa zaidi, na ni kitu gani hasa kilikosekana? Sentensi mbili au tatu zitanitosha. Kama haiwezekani, nitaelewa.

Nakutakia kazi njema."

Chini yake jina lake na namba ya simu, basi.

"Nimeuelewa uamuzi" imewekwa mapema kwa makusudi. Afisa akisoma barua ya mtu aliyekosa kazi, kwanza anatafuta kama huyu anataka kubishana. Ukimwondolea shaka hiyo kwenye aya ya kwanza, anaisoma ya pili akiwa ametulia. Huna haja ya kusema umeufurahia uamuzi wala kwamba ulikuwa wa haki. Kuelewa kunatosha, na ni kweli.

Swali nalo limewekewa kuta. Linataja sehemu mbili alizopitia, linamtaka afisa achague moja, kisha ataje kitu kimoja. Mtu mwenye karatasi mkononi analijibu kwa dakika mbili. Kama ulifanya usaili wa hatua moja tu, gawa kwa namna nyingine: ujuzi wa kazi na namna ya kujieleza, kwa mfano, au maelezo ya uzoefu wako na majibu ya maswali ya kitaalamu. Usiulize maswali matatu ukidhani utajibiwa moja. Ukiuliza matatu, barua inaahirishwa mpaka "nikipata nafasi", na nafasi hiyo haiji.

"Kama utaratibu wenu unaruhusu" na "nitaelewa" ni mlango wa kutokea. Kuna kampuni zilizokataza kabisa kutoa mrejesho wa usaili. Ukimwachia afisa mlango huo, anaweza kukuambia waziwazi kwamba hairuhusiwi, na wewe ukaacha kusubiri.

Jibu kwa kubofya jibu kwenye barua ileile waliyokutumia, ili jina la nafasi na mazungumzo yote ya nyuma yaonekane. Afisa anaweza kuwa na nafasi sita mezani, hawezi kukumbuka "ule usaili wa juzi". Andika kwa lugha waliyotumia wao. Ofisi nyingi za Dar na Nairobi huandikiana kwa Kiingereza, na mifupa ya barua haibadiliki: shukrani, kuelewa, swali moja, mlango wa kutokea. Kama mawasiliano yote yalikuwa ya Wasapu, andika huko, lakini kwa maandishi. Ujumbe wa sauti haumfai, kwa sababu hawezi kuupeleka kwa mjumbe wa jopo aandike neno lake chini yake. Kupiga simu ndio kabisa usipige. Unamshtukiza mtu bila jalada, na yeye kwa kujilinda atasema maneno ya jumla.

Muda unaofaa ni siku ya kazi inayofuata au ile baada yake. Usiku uleule wa kukataliwa hapana, kwa sababu uliyoiona kwenye rasimu ya kwanza. Ukichelewa wiki tatu, wajumbe wameshasahau sura yako na karatasi zimeshafungwa kabatini. Na kuna jambo ambalo walio nje ya ofisi hizi hawalijui: kwenye kampuni za wastani, afisa wa ajira ndiye huyohuyo wa mishahara. Barua ikimfikia siku ya 25 ya mwezi, itazama. Kama kukataliwa kwako kumeangukia siku hizo, subiri mshahara uingie.

Asipojibu, kumbusha mara moja tu, baada ya siku saba za kazi hivi, kwa mstari mmoja juu ya barua ileile: "Nakumbusha ombi langu la hapa chini, kama kuna nafasi." Baada ya hapo acha. Usimtafute mkurugenzi kwenye LinkedIn kumuuliza jambo lilelile. Atakachofanya ni kuupeleka ujumbe wako kwa afisa yuleyule, na sasa afisa huyo ameulizwa na bosi wake kwa nini watu wanamfuata.

Kwa mpwa wangu jibu lilikuja siku ya nne. Kabla sijakueleza lilisema nini, ujue namna ya kuyasoma majibu haya. Likisema tu kwamba walipata aliyefaa zaidi, hilo ni jibu la kiolezo, linatumwa kwa wote. Shukuru na ufunge. Likisema "uzoefu", lilinganishe na tangazo. Kama tangazo lilitaka miaka mitano na wewe una miwili, walikuita kwa kubahatisha na jibu ni la kweli. Kama lilitaka miwili nawe unayo, basi ama alitokea mwenye mingi zaidi, ama neno hilo limefunika jingine ambalo hawataki kulisema. Huwezi kujua ni lipi, kwa hiyo usijenge juu yake. Jibu la kweli utalitambua kwa sababu lina kitu ambacho kilitokea siku ile na kwa mwingine kisingefaa kuandikwa.

Lake lilikuwa hivyo. Afisa aliandika kwamba kwenye jaribio alimaliza maswali mawili kati ya matatu. La tatu, la kulinganisha daftari la kampuni na taarifa ya benki, hakulifikia, na ndilo lililokuwa na alama nyingi kwa sababu ndiyo kazi ya kila siku ya nafasi ile. Kwenye mahojiano majibu yake yalikuwa sahihi ila marefu, jopo likamkatiza mara mbili.

Alinipigia akiwaka. "Mjomba, kompyuta yao ilikuwa inaganda! Na huyo aliyenikatiza alikuwa na haraka zake."

Inawezekana yote mawili ni kweli. Lakini hapa ndipo barua nyingi nzuri huharibika, kwenye jibu la pili. Afisa amejitoa, ameandika kitu mahususi, na kinachorudi ni utetezi. Nimewahi kuupokea utetezi wa namna hiyo, wa kurasa mbili, na mwombaji aliyefuata kuniomba mrejesho hakuupata. Kompyuta ikiganda, unamwambia msimamizi wa jaribio papo hapo, aandike au akuongezee dakika. Baada ya matokeo, maelezo hayo hayabadilishi alama yoyote. Mpwa wangu akaandika: "Asante sana kwa kuchukua muda kunieleza kwa uwazi. Nimeelewa kuhusu swali la tatu na urefu wa majibu, na nitavifanyia kazi vyote viwili." Hakuna "lakini" humo. Ungeruhusiwa swali moja la nyongeza endapo hukuelewa maana ya jibu, kwa mfano kama wangesema "hukuwa na ujuzi wa mfumo" na wao wana mifumo miwili. Kutoelewa ni tofauti na kutokubali, na msomaji wako anaiona tofauti hiyo haraka.

Je, kama unaamini nafasi ilikwenda kwa mtu wa nyumbani kwao? Mpwa wangu naye aliniuliza hivyo, usiku ule wa kwanza. Shaka hiyo usiidokeze kabisa kwenye barua ya mrejesho. Hakuna afisa atakayekiri, na utakuwa umelifunga jalada kwa mkono wako. Lakini kama jambo zito lilitokea mbele yako, jopo likakuuliza kama una mimba, au likatoa neno juu ya dini, kabila, ulemavu au VVU, hilo halihitaji mrejesho, lina njia yake. Tanzania Bara, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi na kinamlinda hata mwombaji wa kazi. Migogoro ya namna hiyo huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 nacho kinamtaja anayetarajia kuajiriwa. Chagua mlango mmoja. Barua ya upole yenye kifungu cha sheria chini yake inasomwa kama kifungu cha sheria. Vivyo hivyo kwa sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinazokupa haki ya kuomba taarifa zilizohifadhiwa kukuhusu: ni haki yako, ila ukiitaja utajibiwa na mwanasheria, kwa lugha yake.

Nafasi za serikali za Tanzania zinazopitia Sekretarieti ya Ajira sizizungumzii hapa. Huko usaili una hatua zake, majina hutangazwa hadharani, na mahali pa kuanzia ni akaunti yako ya Ajira Portal, wala hakuna afisa mmoja wa kumwandikia barua ya namna hii.

Mpwa wangu aliyaweka maneno ya afisa kwenye daftari lake kama yalivyoandikwa, pamoja na tarehe. Kisha akatafuta taarifa ya benki ya zamani ya duka la baba yake, akaketi na daftari la mauzo, akaweka saa ya simu. Hundi mbili zilikuwa zimetolewa na hazijafika benki, makato ya benki ya miezi mitatu hayakuwa yameandikwa kitabuni. Mara ya kwanza alitumia dakika 38, kazi ambayo kwenye jaribio ilitakiwa ichukue kama 15. Jumapili iliyofuata alinitumia picha ya karatasi, chini yake ameandika: 21.